Picha ya bibi harusi kabla ya siku yake: kisa cha saluni moja ya Mtwara

Kazi yangu ni kuwasaidia wenye biashara ndogo hapa Mtwara kupanga hesabu, madaftari na simu zao. Kisa hiki nilikifuatilia mwenyewe kwa wiki tatu. Mtaa, siku na baadhi ya mambo ya kifamilia nimeyabadili. Bibi harusi mwenyewe aliyasoma maandishi haya kabla hayajatoka, akaniomba niondoe sentensi mbili, nikaziondoa.

Ilikuwa msimu wa korosho, pesa imeshaingia mitaani na harusi zinafuatana. Saluni hii ina viti vitatu, mwenye saluni, wasusi wawili na binti mmoja wa kusaidia. Ijumaa aliletwa bibi harusi na shangazi yake kwa ajili ya singo, hina na nywele. Harusi Jumapili. Malipo ya awali ya shilingi 50,000 alikuwa ameshayatuma kwa simu wiki moja kabla, na namba yake ikaandikwa kwenye daftari la miadi.

Hina ilipokauka, bibi harusi akaomba mikono yake ipigwe picha atumiwe dada yake aliyeko Lindi. Simu yake ilikuwa imezima chaji, kwa hiyo msusi akatumia ya kwake. Shangazi akasema, "Mpigeni tu, huyu mtoto wetu." Msusi akapiga picha nne. Tatu ni za mikono. Ya nne aliipiga akiwa amerudi nyuma hatua mbili, ikamchukua bibi harusi mzima: kichwa wazi, kanga kifuani, singo shingoni. Huyu ni mtu ambaye hatoki nje bila ushungi.

Jumamosi asubuhi msusi akaiposti ile ya nne kwenye stetasi yake ya WhatsApp, akaandika chini yake kwamba ni bibi harusi wa kesho. Adhuhuri wifi wa bibi harusi alikuwa ameshaiona. Usiku wa siku hiyohiyo mwanamume asiyemfahamu akamwandikia bibi harusi ujumbe wa hongera, akimtaja kwa majina yake yote matatu.

Mwenye saluni aliniita Jumatatu. Alichoniambia kwanza ni hiki: "Kaka, lakini alikubali kupigwa picha."

Alikubali nini hasa

Nilimwomba aniitie msusi, tukae watatu, kila mmoja aeleze maneno yaliyosemwa Ijumaa ile, neno kwa neno. Tulipomaliza, ilionekana kwamba bibi harusi alikuwa amesema kitu kimoja tu: mikono, kwa dada yake. Hakuna aliyemuuliza kuhusu uso. Hakuna aliyetaja stetasi. Ile ruhusa ambayo msusi aliikumbuka, "mpigeni tu", ilitoka kwa shangazi.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa chote. Kwetu huku shangazi ndiye msemaji wa bibi harusi. Ndiye anayepanga bei, ndiye anayesema hina ipande mpaka wapi, na bibi harusi kwa adabu hukaa kimya. Msusi hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alisikia sauti ambayo kila siku huwa ndiyo ya mwisho. Lakini sura ni ya bibi harusi, na yeye ni mtu mzima. Shangazi anaweza kuamua rangi ya hina kwa sababu familia imemwachia jambo hilo. Hawezi kumtolea mwenzake ruhusa ya kuonyeshwa kwa watu asiowajua. Na ukimya wa bibi harusi aliyefungwa nailoni mikononi, amekaa kwenye mkeka mbele ya wakubwa zake, haumaanishi amekubali.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imejengwa juu ya jambo hilohilo: taarifa ya mtu hukusanywa kwa kusudi lililotajwa, na haigeuzwi kwa kusudi lingine bila mwenyewe kuridhia. Kusudi la Ijumaa ile lilikuwa kumtumia dada picha ya mikono. Kuitangaza saluni ni kusudi jingine kabisa, na lilihitaji swali lake. Sheria haisemi kwamba saluni yenye viti vitatu iko nje ya haya kwa sababu ni ndogo. Mwenye saluni alishtuka kusikia kwamba kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa Aprili 2024, na kwamba mteja anaweza kuipelekea malalamiko.

Kuhesabu nakala

Msusi alikuwa ameifuta stetasi Jumamosi ileile, mara tu alipopigiwa simu. Alidhani amemaliza. Nikamuuliza kama aliangalia kwanza ni akina nani wameiona. Hakuangalia. Hili ningependa kila mwenye saluni alijue, maana hurudi tena na tena: ukiifuta stetasi, orodha ya walioitazama huondoka nayo. Kabla ya kufuta, gusa alama ya jicho, piga skrinishoti ya majina, halafu ndipo ufute. Inachukua nusu dakika. Bila orodha hiyo hujui umpigie nani kumwomba aifute kama ameihifadhi. Hata orodha yenyewe haikamiliki, kwa sababu aliyezima alama za kusomwa kwenye simu yake hutazama bila jina lake kuonekana. Lakini majina arobaini ni afadhali kuliko sifuri.

Tukaanza kuitafuta picha ilipo. Nilichukua karatasi, nikachora duara katikati, simu ya msusi, na kila mahali tulipoikuta nikachora mstari.

Kwenye simu ya msusi ilikuwamo kwenye picha za kamera. Alikuwa ameshaifuta hapo, lakini ilikuwa bado kwenye kikapu cha vilivyofutwa. Ilikuwa pia imepanda kwenye akaunti yake ya Google kwa sababu bakapu ya picha ilikuwa imewashwa, na huko kitu kilichofutwa kikiwa na bakapu hukaa kikapuni siku 60 kabla ya kupotea. Ilikuwamo tena ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa sababu zote nne alimtumia bosi wake Ijumaa jioni amwonyeshe kazi.

Kwenye simu ya mwenye saluni ilikuwa imejihifadhi yenyewe. WhatsApp kwenye simu nyingi za Android huweka kila picha inayopokelewa moja kwa moja kwenye galari, mpaka uzime sehemu iliyoandikwa Media visibility kwenye mipangilio ya mazungumzo. Na galari ya mwenye saluni ilikuwa ikipanda kwenye akaunti ya Google ambayo mwanawe wa sekondari naye ameifungua kwenye tableti yake ya kusomea. Kijana alikuwa na picha za wateja wa mama yake za miaka miwili, wakiwa na dawa kichwani, wakiwa na taulo, na hakuna aliyewahi kuwaza hivyo, hata yeye.

Halafu nikafungua Linked devices kwenye WhatsApp ya saluni. Kulikuwa na kompyuta mbili. Moja ni ya mwenye saluni. Nyingine ilikuwa ya stationari waliyokwenda kuprinti bango la bei miezi michache nyuma. Waliingia pale kwa kuskani msimbo, wakatuma faili, wakaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Mtu yeyote aliyekaa kwenye ile kompyuta angeweza kusoma mazungumzo ya saluni, na picha zote. Hatukupata dalili yoyote kwamba kuna aliyefanya hivyo. Mwenye saluni alikaa kimya muda mrefu, mkono umefunika mdomo, kisha akasema, "Na hapa wateja wananieleza mpaka magonjwa ya ngozi." Tuliitoa ile kompyuta palepale.

Karatasi ilipojaa, ilikuwa picha moja yenye nakala saba ambazo tungeweza kuzigusa, na zisizojulikana idadi kwa waliotazama. Zile saba tulizifuta moja baada ya nyingine, pamoja na vikapu, msusi akishika simu yake mwenyewe na mimi nikimwelekeza tu. Sikutaka nami niwe mtu mwingine wa kuipekua. Ujumbe wa Ijumaa ulikuwa umeshapita muda wa Delete for everyone, ambao ni zaidi kidogo ya siku mbili, kwa hiyo ilibidi ufutwe kila upande kwa mkono.

Namba ilitokaje

Kwa ujumbe wa yule mwanamume tulikuwa na njia mbili za kushuku. Ya kwanza ni daftari la miadi, linalokaa wazi mezani na kila mteja hulifunua kutafuta zamu yake: jina, namba, mtindo, kiasi kilicholipwa, vyote mstari mmoja. Ya pili ni grupu la WhatsApp la wateja, lenye watu 83, ambalo saluni ililitumia kutangaza ofa. Bibi harusi alikuwa ameingizwa humo siku aliyolipa ile 50,000, bila kuulizwa.

Jibu lilikuwa kwenye ujumbe wenyewe, maana jamaa alianza kwa kusema wako grupu moja. Alikuwa muuza nywele za bandia, aliyeingizwa ili atangaze mzigo mpya. Kwenye grupu kila mwanachama huona namba za wenzake wote. Yaani saluni ilikuwa imemkabidhi mgeni namba za wanawake 80 bila mtu kuona kuna tatizo.

Majina matatu je? Hapa mazingira yetu yana jambo lake. Laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na ukianza kutuma pesa kwa simu, kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini hujitokeza kwenye skrini. Unaweza kuishia hapo bila kutuma hata shilingi. Kwa hiyo kwetu, aliye na namba yako ana jina lako kamili akitaka. Ukiongeza picha ya uso na habari kwamba harusi ni kesho, mgeni ameshapata vya kutosha kumwandikia mtu kana kwamba anamfahamu. Au kumpigia akijifanya anatoka saluni na kuomba salio la malipo, jambo ambalo kwa bahati halikutokea.

Grupu lilifungwa wiki hiyohiyo: mwenye saluni aliandika ujumbe wa kuomba radhi, akawatoa wanachama wote, kisha akatoka mwenyewe. Namba zilizokwisha kuonekana haziwezi kurudishwa, na aliwaambia wateja hivyo bila kuficha. Mahali pake tumeweka orodha ya matangazo, ile inayoanzia kwenye New broadcast, ambapo kila mteja hupokea ujumbe peke yake na hamwoni mwingine. Ina kasoro moja kubwa: ujumbe humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya saluni kwenye simu yake. Ofa ya kwanza iliwafikia chini ya nusu ya watu waliokuwa kwenye grupu. Mwenye saluni hakufurahi, na sikumlaumu. Sasa mteja anapolipa huulizwa kama anataka kupata habari za ofa. Akitaka, anaihifadhi namba palepale mezani. Asipotaka, namba yake inabaki ya miadi tu.

Malalamiko ya msusi

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko simu zote lilikuwa ni msusi mwenyewe. Mwenye saluni alitaka atoe amri ya kupiga marufuku picha kwenye simu za wafanyakazi. Msusi, ambaye alikuwa amelia na kuomba msamaha mara nyingi, hapo akanyanyua kichwa. "Dada, kazi hii naifanya kwa mikono yangu. Siku nikiondoka hapa nitaonyesha nini?"

Ana haki. Msusi hana cheti kinachoonyesha namna anavyovuta laini ya kati au anavyochora hina, ana picha. Ukimnyima kabisa, atapiga kwa kujificha, na picha ya kujificha ni mbaya kuliko zote kwa sababu haina anayejua ipo wapi. Tuliafikiana hivi. Picha zote hupigwa kwa simu ya saluni. Mteja akiridhia kuonyeshwa, huulizwa pia kama msusi anaweza kuitumia kama kazi yake, na jina la msusi huandikwa kwenye kadi ya ruhusa anayojaza mteja. Hizo hupewa msusi, na akiondoka anaondoka nazo. Mteja akisema hapana, kazi haina picha, basi. Na kwa mitindo ya kusuka, mwenye saluni alinunua kichwa cha mazoezi; siku zisizo na wateja msusi hukisuka na kukipiga picha atakavyo.

Simu ya saluni ni ya kawaida tu, ya bei ndogo, yenye laini yake na akaunti yake ya Google ambayo haipo kwenye kifaa kingine. Ina namba ya siri ya tarakimu sita, bakapu ya picha imezimwa, Media visibility imezimwa, na jioni hufungiwa droo. Bakapu kuzimwa kuna gharama: simu ikiibiwa, picha zimepotea. Tulipima hasara hizo mbili, na kwa picha za wateja wenye taulo tukaona afadhali zipotee. Zile chache zilizoridhiwa huhamishiwa mwisho wa mwezi kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa nyumbani kwa mwenye saluni. Nyingine zote hufutwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na kikapu humwagwa siku hiyohiyo.

Daftari limegawanywa mawili. La mezani lina jina la kwanza na saa. Lenye namba liko droo moja na simu.

Kadi

Kadi ya kwanza niliyoandika ilikuwa ukurasa mzima na haikusomwa na mtu. Ya pili ni nusu ya karatasi, ina maswali matatu, na kila swali lina ndiyo na hapana zake:

"Tukupige picha kwa kumbukumbu ya kazi, isionekane na mtu nje ya saluni?
Tukutumie wewe picha hiyo kwa namba hii?
Tuionyeshe kwa watu? Uso uonekane au usionekane? Wapi, kuanzia tarehe gani, mpaka lini?"

Chini kuna sahihi, na mstari unaosema mteja anaweza kubadili jibu wakati wowote kwa kupiga simu. Ahadi hiyo inatekelezeka sasa kwa sababu picha ina mahali pamoja pa kwenda kuifuta. Kabla ya hapo, mteja angeomba picha yake iondolewe, na hakuna mtu saluni ambaye angejua aanzie wapi.

Tumejifunza mambo kwa kuitumia. Swali la tatu huulizwa kazi ikiisha, mteja ameshajitazama kwenye kioo, na anaonyeshwa picha yenyewe itakayotoka. Ukimuuliza akiwa na dawa kichwani inayoanza kuwasha, atasema sawa kwa lolote ili uendelee kumsuuza. Huulizwa yeye, pembeni kidogo, na shangazi akijibu kwa niaba yake msusi husema kwa upole, "Shangazi, hii karatasi inataka mkono wake mwenyewe." Mashangazi wengi hucheka na kukubali. Mwenye saluni alitaka kupunguza shilingi 5,000 kwa anayeridhia. Tulijaribu wiki moja tukaacha, maana wanafunzi wa chuo walianza kusema ndiyo huku sura zao zikisema hapana. Watoto hawapostiwi kabisa, hata mzazi akiomba. Huo ni uamuzi wa mwenye saluni, na mimi nauunga mkono.

Na kioo. Hilo hatukuwa tumeliwaza. Picha ya kwanza iliyoridhiwa ilikuwa ya nywele zilizosukwa kwa nyuma, hakuna uso, safi. Binti msaidizi ndiye aliyeona kwamba kwenye kona ya kioo yupo mama mwingine aliye chini ya draya, anaonekana wazi. Sasa kiti kimoja kimegeuzwa kuelekea ukuta wenye kitenge, na picha zote hupigwa pale. Pia tumeacha kutegemea kuziba macho kwa emoji: mji huu ni mdogo, mtu hutambuliwa kwa pete, kwa chale, kwa kanga aliyovaa juzi sokoni.

Harusi ilifungwa. Mwenye saluni na msusi walikwenda kuomba radhi nyumbani kwa mama wa bibi harusi, wakarudisha ile 50,000, na mama akaipokea. Yule muuza nywele alipigiwa simu na kuambiwa aifute namba; alisema ameifuta. Wifi alikuwa ameituma picha kwa watu wawili, na mmoja wao hakuwahi kujibu.

Miezi miwili baadaye bibi harusi alirudi kufanya retachi. Aliletewa kadi, akaisoma yote, akaweka alama kwenye hapana mara tatu, akatia sahihi. Msusi akaandika kwa mkono kwenye daftari la droo ni dawa ya nguvu gani aliyopakwa na dakika ngapi ilikaa, ili mara nyingine wasihitaji picha kukumbuka.